Albumini ikishuka mgonjwa akiwa na inflamesheni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninafanya kazi ya lishe wodini hapa Dodoma. Maswali haya nimeulizwa na ndugu wa wagonjwa wakiwa kwenye benchi nje ya wodi ya upasuaji, na manesi, na madaktari walio mazoezini. Nimeyajibu nikiwa na wagonjwa wawili akilini. Mmoja ni mkulima wa zabibu kutoka upande wa Hombolo, mwingine ni mama wa Kongwa. Umri na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha nimeyabadilisha. Albumini ni protini ya damu inayotengenezwa na ini. Neno inflamesheni nalitumia kwa ile hali ya mwili kuwaka unapopambana na vijidudu, jeraha au operesheni.

Majibu yanasema albumini ya baba ni 22. Maana yake nyumbani halishwi vizuri?

Hapana. Na swali hili naliweka mwanzo kwa sababu limewaumiza watu.

Yule mkulima alikuwa na miaka 50. Alifika usiku tumbo likiwa gumu kama ubao, kidole tumbo kimepasuka, usaha umeenea. Siku alipofika albumini yake ilikuwa 38 g/L, na kiwango cha kawaida ni takribani 35 hadi 50. Akafanyiwa operesheni usiku uleule. Siku ya pili baada ya operesheni, karatasi ya maabara ilisoma hivi: ALB 22 g/L, PALB 0.08 g/L, CRP 260 mg/L. ALB ni albumini, PALB ni prealbumini, protini nyingine ya ini, na CRP ni protini inayopanda mwili unapowaka. Mtu mmoja akamwambia mkewe kwamba mgonjwa ana utapiamlo, ajitahidi kumletea mayai.

Mama yule alinifuata machozi yakimlengalenga. "Dada, sisi ugali wa uwele tunao, mlenda upo, karanga zipo, maziwa hayakosekani. Huyu mwanaume amekula hadi jumapili jioni. Nimemnyima nini?"

Hakumnyima kitu. Miezi miwili kabla mumewe alipimwa uzito zahanati akawa na kilo 70, na mkono wake wa juu, siku alipolazwa, ulikuwa na mzunguko wa sentimita 29. Huyo hakuwa mtu mwenye njaa. Alikuwa mtu mwenye usaha tumboni.

Sasa albumini imetoka 38 hadi 22 kwa siku mbili. Imekwenda wapi?

Tupige hesabu, maana hapa ndipo jambo lote linapofunguka.

Albumini huishi muda mrefu kwenye mwili. Ikiwa ini litaacha kabisa kuitengeneza leo, itachukua siku 20 hivi kwa albumini iliyopo kupungua kufikia nusu. Kwa siku mbili pungufu yake ni kama asilimia 7 tu. Kwa hiyo hata kama mkulima wetu angekuwa hali chochote, na ini lake limesimama kazi kabisa, albumini ingetoka 38 ikafika kama 35 au 36. Haiwezi kufika 22. Njaa haina mwendo huo.

Kwa hiyo iliyopotea haikuliwa na njaa. Imehama. Kuta za mishipa midogo ya damu kwa kawaida hupitisha albumini kidogo kidogo kwenda kwenye nyama, kama asilimia 5 ya iliyomo kwenye damu kila saa, kisha inarudi kupitia mishipa ya limfu. Inflamesheni kali inapoanza, kuta hizo zinalegea na kiasi kinachotoka kinaweza kuongezeka maradufu au zaidi, wakati kinachorudi hakiongezeki kwa kasi hiyo. Ndiyo sababu mgonjwa huyu macho na miguu vilikuwa vimevimba siku ya tatu. Albumini yake ilikuwa bado mwilini, ila ilikuwa nje ya mishipa, na sindano ya maabara huchota damu ya ndani ya mishipa tu.

Ongeza dripu. Mtu mzima ana kama lita 3 za majimaji ya damu bila chembe. Kwa 40 g/L, hizo ni gramu 120 za albumini. Mwongezee chupa nyingi za maji ya chumvi usiku wa operesheni, na tuseme lita moja tu kati ya hizo ndiyo imebaki ndani ya mishipa. Sasa gramu 120 zimegawanywa kwa lita 4, na kipimo kinasoma 30. Hakuna gramu hata moja iliyopotea. Umeongeza maji kwenye chai, sukari ni ileile.

Kuvuja, kuchanganywa na maji, na tatu, ini kubadili kazi. Hilo la tatu lina swali lake.

Ini linabadilije kazi?

Kwa kawaida ini la mtu mzima hutengeneza gramu 10 hadi 15 za albumini kila siku. Seli za kinga zinapokutana na vijidudu au nyama iliyokufa hutoa ujumbe kwenye damu, na ujumbe unaolifikia ini kwa nguvu zaidi huitwa IL-6. Ini likiupokea, linapunguza kutengeneza albumini na prealbumini, na linaanza kumwaga protini za vita: CRP, fibrinojeni, haptoglobini na wenzake. CRP huanza kupanda ndani ya saa chache na kufika kileleni baada ya siku mbili hivi.

Naomba msomaji aone jambo moja hapa. Ini halijakosa malighafi. Limepewa amri. Asidi za amino zipo nyingi kwenye damu ya mgonjwa huyu, kwa sababu misuli yake inabomolewa ili zipatikane. Unaweza kumlisha kuku mzima, na ini bado litatengeneza CRP kwanza mpaka usaha utolewe na dawa ishike.

Prealbumini je? Tumefundishwa kwamba ni bora kwa sababu hubadilika haraka.

Hubadilika haraka, ni kweli. Huishi siku mbili hadi tatu tu kabla ya kupungua kwa nusu, na hifadhi yake mwilini ni ndogo. Jina halina undugu na albumini: iliitwa hivyo kwa kuwa maabara ilipotenganisha protini kwa umeme, yenyewe ilitangulia mbele ya albumini. Jina lake la kikazi ni transthairetini, kwa kuwa hubeba homoni ya tezi ya shingo na kusaidia kubeba vitamini A.

Kasi yake ndiyo iliyowavutia watu. Wakasema, albumini ni saa ya ukutani, prealbumini ni saa ya mkononi, itatuonyesha chakula cha wiki hii. Tatizo ni kwamba ini huipunguza prealbumini kwa amri ileile ya inflamesheni. Kwa hiyo inachokuonyesha kwa kasi ni inflamesheni ya wiki hii.

Rudi kwa mkulima wetu, maana yeye alinifundisha hili kuliko darasa. Siku ya pili PALB ilikuwa 0.08 g/L, kiwango cha chini cha kawaida kikiwa kama 0.20. Siku ya sita CRP ilishuka hadi 120 na PALB ikapanda hadi 0.12. Siku ya kumi CRP ilikuwa 25, PALB 0.20, na kwenye faili pakaandikwa kwamba lishe imeimarika.

Lakini mimi nilikuwa nahesabu anachokula. Siku mbili za kwanza hakuna kitu mdomoni. Siku tatu zilizofuata maji na chai ya rangi. Kuanzia siku ya sita uji mwepesi, kikombe kimoja asubuhi na kingine jioni, vingine anavirudisha kwa sababu tumbo limejaa gesi. Nilipojumlisha siku kumi nilipata kama kilokalori 4,000. Mwili wake, kwa makadirio ya kilokalori 25 kwa kila kilo kwa siku, ulihitaji zaidi ya 17,000. Alikuwa amepata chini ya robo. Uzito siku ya tatu ulikuwa kilo 74, maji ya dripu hayo. Siku ya kumi, uvimbe ulipoisha, kilo 66. Mzunguko wa mkono ulitoka sentimita 29 ukawa 27.5, na akishuka kitandani alishika ukuta.

Prealbumini ilipanda siku zilezile alizokuwa anakwisha. Ilipanda kwa sababu usaha ulitoka na dawa zilifanya kazi. Hiyo ni habari njema, na inastahili kusherehekewa, ila ni habari ya tumbo, si ya chakula. Kwa "lishe imeimarika" ile, mpango wa kumwongezea chakula ulikuwa karibu kufutwa siku aliyouhitaji kuliko zote.

Nisimpotoshe mtu: kutokula kwa siku kadhaa nako kunaweza kuishusha prealbumini kidogo hata kwa mtu asiye na inflamesheni, na kula kukaipandisha. Shida ni kwamba ukiwa na namba moja mbele yako, na mgonjwa anawaka, huwezi kujua sehemu gani imetoka wapi.

Nikipima CRP pamoja nayo, si nitaweza kutenganisha?

CRP itakuambia wakati ambao usiisome prealbumini kama kipimo cha lishe, na hilo ni msaada. CRP ikiwa juu na prealbumini chini, umejifunza kwamba mgonjwa ana inflamesheni, jambo ambalo homa na kidonda vilishakuambia. Hakuna fomula ya kuaminika ya kuchukua CRP, kuitoa kwenye prealbumini, na kubaki na "lishe tupu".

CRP ikiwa ya kawaida na prealbumini ikiwa chini, hapo swali la chakula lina uzito zaidi, ukishaangalia ini. Kuna na mtego wa upande wa pili: figo zikishindwa kazi prealbumini hupanda, na dawa za steroidi huipandisha pia. Mgonjwa wa figo anayekonda anaweza kuwa na prealbumini inayopendeza macho.

Kuna mtu anaweza kukonda sana na albumini ikabaki ya kawaida?

Ndiyo, na huyu ndiye ninayemwogopa zaidi.

Mama wa Kongwa alikuwa na umio uliobana. Si saratani, ulikuwa umebanwa na kovu la zamani. Chakula kigumu kilikuwa kimegoma miezi mitano. Ugali uligoma kwanza, ukafuata wali, mwishowe akabaki na chai na maji ya mlenda. Uzito ulitoka kilo 58 hadi 44, yaani robo ya mwili wake karibu yote. Mifupa ya bega ilikuwa wazi, mashavu yamebonyea, na kanga aliyozoea kuizungusha mara moja na kidogo sasa aliizungusha karibu mara mbili.

Albumini yake ilikuwa 39. CRP 4. Kwenye fomu ya rufaa palijazwa "hali ya lishe: nzuri".

Hakuwa na inflamesheni, kwa hiyo hakuna aliyeliamuru ini lake liache albumini. Mwili unaokosa chakula taratibu hupunguza kutengeneza albumini, lakini hupunguza pia kuivunja, na huivuta ile iliyoko nje ya mishipa irudi ndani. Namba inabaki palepale mtu akiisha. Kati ya mwaka 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani kiliwalisha wanaume 36 wa kujitolea nusu ya chakula chao kwa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, na protini za damu zilishuka kidogo tu. Mama wa Kongwa alikuwa amefika hapohapo bila kujitolea.

Na kumwita "nzuri" kungeweza kumuua. Mtu aliyekosa chakula hivyo, akilishwa kwa nguvu siku ya kwanza, fosfati na potasiamu vinakimbilia ndani ya seli na moyo unaweza kusimama. Tulimpa thayamini miligramu 100 kabla ya chakula, tukapima fosfati, potasiamu na magnesiamu, tukaanza na kilokalori 10 kwa kilo, yaani kama 440 kwa siku nzima, tukapandisha taratibu. Albumini ya 39 isingemwambia yeyote afanye hivyo. Mizani na macho vilituambia.

Lakini kwa watoto wenye unyafuzi albumini si huwa chini?

Huwa chini, na ndiyo moja ya njia ambazo imani hii iliingia vichwani mwetu. Mtoto wa kwashakoo ana uvimbe na albumini ya chini. Mtoto wa nyongea, aliyekauka mwili mzima, mara nyingi albumini yake haijashuka kiasi hicho. Wote wawili wako hatarini. Ukitumia albumini kama mizani ya lishe utamwona mmoja na kumpita mwenzake.

Hata uvimbe wa unyafuzi hauifuati albumini kwa utii. Mtoto akianzishiwa maziwa ya tiba, uvimbe huweza kuisha kabla albumini haijapanda. Ndiyo maana kliniki ya watoto hubonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba na kuzungusha utepe mkononi, chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ikiwa ni utapiamlo mkali, na haingoji maabara.

Kama si kipimo cha lishe, mbona wenye albumini ya chini hufa zaidi?

Kwa sababu wanaumwa zaidi. Swali ni zuri na mkanganyiko wake ni wa kweli. Tangu miaka ya 1970 wapasuaji wameona kwamba mgonjwa mwenye albumini ya chini kabla ya operesheni hupata usaha, mshono kuachia, na vifo zaidi. Uhusiano huo ni imara. Kosa lilikuwa kuupa jina la njaa. Albumini inakueleza moto ni mkubwa kiasi gani, na mwenye moto mkubwa yuko hatarini.

Kuna daraja moja la kweli kati ya mambo haya mawili: mtu anayewaka huvunja misuli haraka na hapendi kula. Kwa hiyo albumini ya 22 iwe sababu ya kwenda kitandani kumtathmini lishe siku hiyohiyo. ASPEN, chama cha Marekani cha wataalamu wa lishe ya mirija na mishipa, kilitoa tamko lililochapishwa mwaka 2021 likisema hivyo: protini hizi ni alama za inflamesheni zinazoashiria hatari, zisitumike kupima utapiamlo.

Mayai mangapi yataipandisha? Au tununue albumini ya chupa?

Yai moja lina protini kama gramu 6. Mkulima wetu wa kilo 70 alihitaji gramu 84 hadi 105 kwa siku, ambayo kwa mayai peke yake ni 14 au zaidi. Hakuna mgonjwa wa tumbo atakayeyamaliza. Tulichanganya: uji wa uwele uliotiwa karanga zilizosagwa laini na maziwa, kikombe kidogo kila saa mbili, yai moja asubuhi na moja jioni, mchuzi wa maharage uliochujwa. Alikula kwa ajili ya misuli na kidonda. Kwa siku zile za kuwaka, albumini ingebaki chini hata angekula vyote, na nilimwambia mkewe hivyo mapema ili asione namba akakata tamaa. Alipotoka siku ya 16 ilikuwa bado 29, na alikuwa akitembea mwenyewe hadi getini.

Chupa ya albumini ya asilimia 20 yenye mililita 100 ina gramu 20. Kwa mgonjwa ambaye mishipa inavuja, nyingi itafuata njia ileile. Namba itapanda kwa muda na kushuka. Ina kazi zake halisi, mfano kwa mwenye ini lililosinyaa anayetolewa zaidi ya lita 5 za maji ya tumbo. Kuitumia kama chakula si mojawapo. Familia zimeuza mbuzi kwa ajili ya chupa hizo, na inaniuma kila nikisikia.

Basi tuache kuipima?

Msiache. Inahitajika kwa mgonjwa wa ini, kwa anayepoteza protini kwenye mkojo, kwa kusoma kalsiamu ya damu, na kwa dawa kama fenitoini ambayo husafiri imeshikana nayo. Acheni tu kuiandika kwenye mstari wa lishe.

Mkiisoma, kumbukeni pia mambo madogo: mtu aliyepimwa amesimama na akapimwa tena amelala anaweza kutofautiana kwa kama asilimia 10, aliyekaukiwa maji huonekana juu, mjamzito huonekana chini kwa sababu damu yake imeongezeka maji. Na rangi ya bromkresoli ya kijani, inayotumiwa na mashine nyingi, hushika protini nyingine za inflamesheni, hivyo husoma juu kidogo ya ukweli kwa wagonjwa haohao.

Wodi yetu haina vifaa. Tupime nini?

Anza na swali, kisha utepe. Uliza uzito wa zamani, kadi ya kliniki au ya zahanati mara nyingi inao. Kama haupo, uliza mkanda umeingia tundu ngapi, pete inazunguka kidoleni, watu wa kijijini wamesema nini walipomwona. Kupoteza asilimia 10 kwa miezi sita bila kukusudia ni kwingi kwa kipimo chochote.

Uliza chakula kwa vyombo vya nyumbani: "Ulikuwa unamaliza bonge la ugali kiasi gani? Sasa je?" Nusu au pungufu kwa zaidi ya wiki ni jambo la kuandika kwa herufi kubwa. Wodini hesabu vikombe, si vilivyoletwa bali vilivyonywewa. Ndugu anayekaa na mgonjwa ataweka alama kwenye karatasi vizuri kuliko sisi.

Mkono: kunja kiwiko, tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, weka alama, kisha mkono uning'inie na utepe ugusane na ngozi bila kubana. Rudia mkono uleule, alama ileile, kila wiki. Gusa misuli ya paji karibu na jicho, juu ya mtulinga, na ya paja kuzunguka goti. Kisha mwombe akubane vidole viwili kwa nguvu, leo na tena baada ya wiki.

Bonyeza miguu kabla ya kuamini mizani. Mkulima wetu siku ya tatu alikuwa "ameongezeka" kilo 4.

Na nikilazimika kuandika sentensi moja kwenye faili, niandikeje?

Kwa mkulima siku ya kumi niliandika: "Albumini 25 na prealbumini 0.20 zinaendana na inflamesheni inayopungua. Amekula chini ya robo ya mahitaji kwa siku 10, uzito umepungua kilo 4 kutoka wa kawaida, mkono umepungua sentimita 1.5. Ana utapiamlo ulioanza hospitalini. Chakula kiongezwe leo."